Cheti Hakimfuati Mpishi

Katika Kiswahili kinachozungumzwa hapa Joubert Park, neno moja limebebeshwa mizigo mitatu. Neno lenyewe ni "cheti". Mwenye mgahawa akisema "nina cheti", huenda ana karatasi ya jengo lake, au karatasi ya mafunzo, au kadi ya kupimwa afya aliyokuja nayo kutoka kwao. Anayemsikiliza huchagua maana aipendayo. Tatizo huanza siku afisa afya wa manispaa anapoingia mlangoni na kuomba moja tu kati ya hizo tatu.

Safu hii imewahi kujadili maneno mengi yanayotukosesha usingizi darasani. Leo tunajadili neno linalowakosesha watu mtaji wao. Hoja yetu ni kwamba cheti kinachodaiwa na sheria ya Afrika Kusini hakimfuati mpishi wala hakiuzwi pamoja na mgahawa, na kwamba mzigo mkubwa wa kukipata umewekwa juu ya mpangaji, ilhali nusu ya mambo yanayokaguliwa yamo mikononi mwa mwenye jengo.

Tuanze na tulikotoka. Wengi wanaopika kati ya Mtaa wa Wolmarans na stendi ya teksi ya Noord walijifunza kazi Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu au Lubumbashi. Kule Kenya na Tanzania, jambo la kwanza ambalo bwana afya humuuliza mhudumu ni kama amepimwa. Nchini Kenya mfanyakazi wa chakula hutakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita, na anayekutwa bila cheti hicho huwa matatani. Kwa hiyo katika fikra za wengi wetu, usafi wa chakula umeandikwa kwenye kadi, kadi ina jina la mtu, na mtu huyo akihamia mgahawa mwingine huhama nayo.

Utaratibu wa Afrika Kusini umejengwa juu ya wazo jingine. Kanuni inayotawala ni ile iitwayo R638, iliyotangazwa tarehe 22 Juni 2018 chini ya sheria ya vyakula ya mwaka 1972. Kanuni hiyo haimdai kila mfanyakazi kadi ya kupimwa kila miezi sita. Inadai kwamba mtu yeyote asishughulike na chakula cha kuuza katika jengo lisilo na cheti cha kukubalika, kile ambacho watu wa manispaa hukitaja kwa herufi CoA. Cheti hicho hutolewa baada ya afisa afya kufika, kutazama na kuridhika. Huandikwa jina la msimamizi na mahali penyewe, na hutakiwa kubandikwa pale ambapo mteja anaweza kukisoma. Kanuni inasema wazi kwamba hakihamishwi kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine, wala kutoka jengo moja kwenda jingine.

Kuna wanaoona kuwa utaratibu wa kwetu ni bora kwa sababu unamchunguza mtu mwenyewe. Tunawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Ripoti ya mwaka 1989 ya kundi la wataalamu lililokutanishwa na Shirika la Afya Duniani ilichunguza jambo hili hili na kuona kwamba kuwapima wafanyakazi wa chakula mara kwa mara hakulingani na gharama yake. Sababu ni rahisi kueleweka. Kipimo kinaeleza hali ya mtu siku ile aliyopimwa. Anayepimwa Jumatatu akaonekana mzima anaweza kuharisha Alhamisi huku kadi yake ikiwa na miezi mitano mbele. Tena wapo wanaobeba vijidudu vya homa ya matumbo na kuvitoa siku fulani tu, na kipimo kikiangukia siku nyingine hakivioni.

R638 imeshika njia nyingine. Mfanyakazi mwenye dalili za ugonjwa unaoweza kuambukiza kupitia chakula humwarifu msimamizi, na msimamizi humwondoa jikoni mpaka daktari athibitishe kwamba amepona. Mwenye kidonda au mkato mkononi haruhusiwi kugusa chakula mpaka ufunikwe kwa kitu kisichopitisha maji. Yaani kinachotakiwa ni msimamizi anayejua nani anaumwa leo, na mfanyakazi asiyeogopa kusema. Hapo pana ugumu wake, kwa kuwa anayelipwa kwa siku akisema anaharisha hupoteza posho ya siku hiyo. Mwenye mgahawa anayetaka kuambiwa ukweli sharti awe na kazi nyingine ya kumpa mgonjwa mbali na chakula, au amlipe akapumzike.

Karatasi ya pili ni ya mafunzo. Kanuni inamtaka msimamizi awe amefunzwa misingi ya usalama wa chakula, na ahakikishe kwamba kila anayefanya kazi pale amefunzwa na afisa afya au mtu mwingine anayefaa. Mafunzo haya humfuata mtu, maana yamo kichwani mwake. Lakini hayawezi kushika nafasi ya cheti cha jengo. Aliyehitimu kozi ya usafi na kutundika karatasi yake ukutani katika chumba kisicho na CoA bado anapika kinyume cha sheria. Juu ya hizo mbili ipo leseni ya biashara ya kuuza vyakula, inayotokana na sheria ya biashara ya mwaka 1991, ambayo nayo ni jambo la peke yake.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate mpaka mwisho. Mama mmoja aliyetoka Bukavu ananunua mgahawa mdogo karibu na bustani ya Joubert Park. Bei inajumuisha jiko la gesi, friji mbili, meza sita, masufuria, na "cheti cha usafi" kilichomo kwenye fremu ukutani. Muuzaji anasisitiza kwamba cheti hicho peke yake kina thamani kubwa, na mama anaongeza pesa kwa ajili yake. Anaanza kuuza wali na maharage, ugali na samaki, sombe na chapati.

Pesa aliyoongeza imepotea. Cheti kile kina jina la mtu aliyeondoka. Msimamizi anapobadilika, aliyeingia ana siku 30 za kuiarifu manispaa kwa maandishi ili apewe cheti chenye jina lake. Asipofanya hivyo, fremu ile ukutani inamshitaki yeye mwenyewe, kwa sababu afisa akisoma jina na kuuliza "ni wewe?", jibu linajulikana. Laiti angeuliza kabla ya kulipa, angekinunua kile chumba kwa bei ya jiko, friji na meza tu.

Tuseme ameandika barua yake na afisa amefika. Kwa kawaida afisa mzoefu hutazama kwanza maji. Anatafuta karo la kunawia mikono lenye sabuni na karatasi za kukaushia za kutumia mara moja na kutupa. Taulo la kitambaa linalotumiwa na watu wanne halikubaliki. Kisha anatafuta mahali pa kuoshea vyombo penye maji ya moto na ya baridi. Migahawa mingi midogo ina karo moja tu, na ndani yake kuku huoshwa asubuhi, sahani mchana, na mikono muda wote. Afisa hahitaji kuuliza. Akiona ndoo ya vyombo imo ndani ya karo la kunawia, au sabuni haipo karibu, amekwisha kujua kwamba mikono hainawiwi.

Hapo atakaa pembeni na kuangalia mkono wa mtu mmoja. Keshia anapokea noti, anarudisha chenji, kisha anageuka na kumkunjia mteja chapati. Kanuni imeitaja pesa kwa jina: anayegusa pesa hunawa kabla ya kugusa chakula. Vivyo hivyo aliyegusa nyama mbichi, mayai au mboga zisizooshwa, na aliyetoka chooni. Dawa yake haina gharama kubwa. Anayeshika pesa asishike chakula, na kama mgahawa una mtu mmoja tu saa hizo, atumie koleo la chapati na kijiko cha wali.

Baada ya maji hufuata joto. Chakula kilichopikwa kinachongoja wateja hukaa kwenye nyuzi 60 au zaidi, na kile cha baridi hukaa kwenye nyuzi 5 au chini yake. Kuku mbichi, samaki mbichi na maziwa havizidi nyuzi 4. Katikati ya 5 na 60 ndipo vijidudu vinapozaana. Afisa huja na kipimajoto chake na kukichoma katikati ya sufuria, kwa sababu juu ya maharage panaweza kuwa pa moto huku katikati pamepoa. Mama wetu anafaa kuwa na chake pia, na kukikagua kwa barafu: barafu iliyopondwa na maji kidogo katika kikombe isome sifuri. Asikikague kwa maji yanayochemka akitegemea 100, maana Johannesburg iko juu sana na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Atakitupa kipimajoto kizima akidhani kibovu.

Wali ndio unaowaponza wengi, kwa sababu kila mtu anaamini kwamba kuupasha upya kunausafisha. Ndani ya punje za mchele huwamo mbegu za kijidudu ambazo kupika hakuziui. Sufuria kubwa ya wali ikiachwa mezani tangu jioni, mbegu hizo huamka usiku, huzaana, na kutoa sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi. Wali utakuwa wa moto, utanukia vizuri, na mlaji atatapika baada ya saa chache. Hauna harufu wala rangi ya kumwonya mtu. Njia salama ni kuutandaza wali katika sinia pana mara tu mauzo yanapokwisha, utoke mvuke haraka, kisha uingizwe kwenye friji kwa tabaka nyembamba. Maharage nayo hugawanywa katika vyombo vidogo. Sufuria ya lita 20 ikisukumwa nzima ndani ya friji hukaa vuguvugu kwa saa nyingi, na huipasha moto friji yote pamoja na samaki waliomo.

Mpaka hapo, mama wetu anaweza kujirekebisha mwenyewe. Sabuni, koleo, sinia na kipimajoto vinanunulika. Ndipo afisa anapoinua macho kwenye kuta na dari, na hapo ndipo kamba inapokatikia.

Chumba cha kushughulikia chakula sharti kiwe na njia ya hewa. Kama kinategemea madirisha, sehemu zinazofunguka zisipungue asilimia 5 ya eneo la sakafu. Chumba cha mama kina mita nne kwa sita, yaani mita za mraba 24, hivyo anahitaji sehemu inayofunguka ya mita ya mraba 1.2, tena iliyowekwa ili hewa ipite upande mmoja hadi mwingine. Yeye ana kidirisha kimoja kilichopigwa misumari. Choo kisifungukie moja kwa moja jikoni, na chake kinafungukia hapo hapo, kwa kuwa chumba kilikuwa duka ambalo mwenye jengo alilikata katikati kwa mbao. Bomba la majitaka la ghorofa za juu linapita darini na linavuja kwenye kiungio. Panya huingia kwa tundu linalopitisha mabomba kutoka chumba cha jirani.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mpangaji anaweza kukirekebisha bila idhini. Akivunja ukuta, mwenye jengo atamshitaki. Akiacha, afisa hatampa cheti. Na kama afisa ataona hatari kubwa, anayo mamlaka ya kupiga marufuku jiko hilo papo hapo kwa maandishi. Cheti, kama kilikuwapo, husimama muda wote wa marufuku. Pango halisimami.

Jambo la panya lina uzito wake. Mpangaji asiyeweza kuziba tundu hununua sumu barabarani, ile inayouzwa katika vifuko bila jina. Oktoba 2024 watoto sita walikufa Naledi, Soweto, na uchunguzi ukakuta dawa ya shambani iitwayo terbufosi, ambayo watu walikuwa wakiinunua kuulia panya. Mwezi uliofuata Rais Cyril Ramaphosa alitangaza kwamba maduka madogo na sehemu zote zinazoshughulikia chakula zijiandikishe ndani ya siku 21, muda ambao baadaye ulisogezwa hadi mwisho wa Februari 2025. Tangu hapo afisa akikuta kifuko cha namna hiyo chini ya rafu ya unga, mazungumzo hubadilika kabisa. Tundu lile lingezibwa kwa saruji na wavu wa chuma kwa nusu siku, na panya asingehitaji sumu.

Wapo watakaotuambia kwamba ukaguzi huu ni fimbo ya kuwapigia wageni. Hatukatai kwamba mitaani mgeni huulizwa karatasi mara nyingi kuliko mwenyeji, na kwamba hofu ya kuulizwa hati ya ukaazi huwafanya wengi wafunge mlango wakimwona afisa yeyote. Lakini wanaokula pale ni watu wetu: madereva wa Noord, wachuuzi, wanafunzi kama sisi, na watoto wanaotumwa kununua chapati. Wali ulioharibika haumuulizi mtu pasipoti. Hatuombi jiko la mgeni lisikaguliwe. Tunachodai ni kwamba kila mwenye wajibu aitwe kwa wajibu wake.

Kwa hiyo tunasema hivi. Mwenye jengo anayepangisha chumba kwa ajili ya mgahawa anastahili kwanza kuthibitisha kwa manispaa kwamba chumba hicho kina maji, njia ya hewa, choo kilichotengwa na mabomba yasiyovuja. Mambo hayo hayabadiliki kila anapoingia mpangaji mpya. Yakaguliwe kwa mwenye jengo kabla ya pango kupokelewa, na mpangaji abaki kukaguliwa kwa yale yanayotoka mikononi mwake: kunawa, joto, nguo za kazi, mafunzo na usafi wa kila siku. Jiji linaweza kufanya hivi bila kulegeza sharti hata moja la R638. Kinachobadilika ni nani anaitwa kwanza.

Hadi siku hiyo ifike, mpangaji ajikinge kwa mkataba. Kabla ya kuweka amana, aandikishe katika mkataba wa pango kwamba chumba kinapangishwa kwa kupikia chakula, kwamba marekebisho ya jengo yanayodaiwa na afisa afya ni ya mwenye jengo, na kwamba pango halianzi kuhesabiwa mpaka cheti kitolewe. Mwenye jengo akikataa sharti hilo la mwisho, mpangaji amepata jibu kuhusu hali ya mabomba. Na mtu yeyote anayejitolea kumletea CoA bila afisa kukanyaga jikoni anamuuzia karatasi ya kughushi, hata ikiwa na muhuri mzuri namna gani.

Tunamalizia na kazi yetu wenyewe kama chama cha Kiswahili. Tunapendekeza tuache kuandika "cheti cha usafi" katika matangazo na tafsiri zetu, kwa sababu jina hilo ndilo lililomfanya mama wa mfano wetu anunue fremu. Tuseme "cheti cha jengo" kwa CoA, "cheti cha mafunzo" kwa karatasi ya kozi, na "kadi ya kupimwa" kwa ile ya nyumbani. Walimu wetu wa tafsiri wanaweza kuyapinga maneno haya na kuleta bora zaidi, nasi tutafurahi. Tukikubaliana, tuchape ukurasa mmoja wenye maneno hayo matatu, nyuzi 5 na nyuzi 60, siku 30 za kuiarifu manispaa, na vile vipengele vitatu vya mkataba wa pango, tuugawe katika migahawa tunayokula kila siku. Atakayeusoma kabla ya kulipa amana atajua alipie nini, na asilipie nini.